Kwa nini Dobby alinyang'anywa kazi zake? Wahusika wanaokatwa au kuunganishwa kitabu kikigeuzwa filamu

Binti_Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Tahadhari kwanza: humu tutataja miisho, kwa hiyo kama hujasoma wala kutazama, pita kwa uangalifu.

Nimemaliza kumsomea mdogo wangu kitabu cha nne cha Harry Potter, ilituchukua karibu miezi mitatu, kila usiku kurasa chache kabla ya kulala. Jumamosi tukakaa kutazama filamu yake ya 2005. Tulipofika pale Harry anapotakiwa kuzama ziwani kwa saa nzima, mdogo wangu alikuwa ameshajisogeza mbele ya kiti anamsubiri Dobby, yule kibwengo mtumishi. Kwenye kitabu Dobby ndiye anayekuja mbio asubuhi ile, anamwamsha Harry na kumpa ule mmea unaomwotesha matamvua ya samaki. Kwenye filamu mmea unatoka kwa Neville. Mtoto akanigeukia: "Dada, Dobby yuko wapi?" Mpaka filamu inaisha anauliza.

Kinachonishangaza ni kwamba Peeves naye hayupo, yule mzimu msumbufu, na hakumuulizia hata mara moja. Hata mimi simkumbuki sana. Sasa naomba wanaojua wanieleze: wanaamuaje nani aondoke na kazi yake apewe nani? Na kwa nini mwingine tunamsamehe haraka na mwingine anatukaa moyoni?

Kipanga_Mweusi:
Dada, hapo hakuna siri. Ni hela. Dobby anachorwa kwa kompyuta, kila sekunde yake ni gharama. Neville ni kijana ambaye tayari yupo kwenye malipo, ameshavaa sare, amesimama pale pale. Mpe mistari miwili amalize kazi. Ukiona mhusika amekatwa, angalia bajeti.

Dogo_Sayuni:
Mimi nilichoumia ni Dumbledore. Wa mwanzo alikuwa mpole, huyu wa baadaye anafoka. Kwa nini walimbadilisha?

Binti_Kigamboni:
Dogo, huyo hakubadilishwa kwa kupenda. Richard Harris alifariki 2002, ndipo Michael Gambon akaingia filamu ya tatu. Hapo mhusika ni yule yule, mwigizaji ndiye tofauti. Mimi naulizia mhusika mwenyewe anapoondolewa kwenye hadithi.

KalamuYaPazia:
Nimekuwa nikiandika tamthilia za televisheni kwa miaka kadhaa, na mara tatu nimepewa kitabu nikigeuze. Kipanga hajakosea, ila amegusa nusu. Hela ingekuwa ndiyo sababu pekee, wangekatwa wahusika wa gharama kubwa tu. Mbona hata Ludo Bagman hayupo kwenye filamu ile? Huyo ni mtu mzima wa kawaida, hahitaji kompyuta.

Kinachobana zaidi ni muda. Kitabu kile kina kurasa zaidi ya 600, na filamu ina saa 2 na dakika 37. Sisi tunapiga hesabu ya ukurasa mmoja wa skripti kwa dakika moja ya picha, na huo ukurasa wa skripti una nafasi tupu nyingi, si kama ukurasa wa kitabu. Halafu kitabuni mtu akitajwa baada ya kurasa 200, mwandishi anakukumbusha kwa sentensi moja: huyu ni yule aliyefanya hivi. Kwenye filamu sentensi hiyo haipo. Mtazamaji lazima aone sura, asikie jina, aone anahusiana na nani. Hata sura ya kawaida tu inadai kama dakika mbili za utambulisho kabla haijafanya kazi yoyote.

Kwa hiyo nikipokea kitabu sianzi na majina. Nachukua daftari, naandika kazi. Nani analeta habari? Nani anafungua mlango uliofungwa? Nani anamfanya mhusika mkuu aone aibu? Nikimaliza ndipo naandika jina mbele ya kila kazi. Ukiona jina lina kazi moja tu, na kazi hiyo mtu mwingine aliyepo jirani anaweza kuifanya bila kulazimishwa, huyo yuko hatarini. Peeves kazi yake ilikuwa kuvuruga korido na kuchekesha. Walimpiga picha kabisa kwa filamu ya kwanza, Rik Mayall aliigiza, kisha wakamtoa kwenye uhariri, na hadithi ikaendelea kutembea. Ndiyo maana mdogo wako hakumuulizia. Hakuacha shimo.

Sasa tazama Neville na ule mmea, maana hapa waliofanya kazi walikuwa makini. Kwenye kitabu chenyewe, Moody wa uongo, yule mwovu aliyejigeuza kuwa mwalimu, anampa Neville kitabu cha mimea ya majini. Anafanya hivyo makusudi, akitegemea Harry atamuuliza Neville na Neville atamtajia mmea. Harry hamuulizi mtu, anahangaika peke yake maktaba, na ndipo yule mwovu analazimika kupitishia habari kwa Dobby. Kwa maneno mengine, njia ya Neville ilishachimbwa na mwandishi mwenyewe, maji hayakupita tu. Filamu ikayapitisha. Neville ni mtoto anayependa mimea, kitabu anacho, swali linamfikia. Hakuna kilichovunjika katika tabia ya mtu yeyote.

Binti_Kigamboni:
Ee bwana. Nimerudi kufungua kitabu sasa hivi na kweli kipo, Moody anakisema mwenyewe mwishoni anapoungama. Nimemsomea mtoto ukurasa ule kwa sauti yangu na sikuliona hilo.

Msomaji254:
Nafuatilia kutoka Thika. Kalamu ameeleza vizuri, lakini niongeze kitu ambacho kwangu ni kizito kuliko ule mmea.

Deni la Dobby halikulipwa siku ile, lilisogezwa mbele. Kwenye filamu yuko ile ya pili, 2002, halafu haonekani tena mpaka 2010, filamu ya saba sehemu ya kwanza, na humo humo anakufa. Katikati hapo vitabuni, kuanzia kitabu cha nne, alikuwa anafanya kazi kila mwaka. Kitabu cha tano ndiye anayemwambia Harry kuhusu kile chumba kinachojitokeza kwa mwenye shida. Kwenye filamu ni nani anakigundua? Neville tena. Kitabu cha sita anatumwa kumfuatilia Malfoy, hiyo nayo ikaenda.

Nilitazama ile ya 2010 na binamu yangu ambaye hajawahi kushika vitabu. Mimi nalia, Harry anachimba kaburi kwa mikono yake, na binamu ananiuliza kwa upole kabisa, "Huyu si ndiye alikuwa anawasumbua ile filamu ya zamani?" Sikumlaumu. Alikuwa amemwona mara moja, miaka minane kabla. Mimi nilikuwa nimeishi naye vitabu vitano.

Kwa hiyo Binti, mwambie mdogo wako hasira yake ni halali. Kila kazi moja moja ukiitazama, kumpa Neville ilikuwa sawa. Ukizijumlisha, unapata kifo cha mtu ambaye nusu ya watazamaji hawakumfahamu.

Kipanga_Mweusi:
Lakini hapo ndipo nasema hela! Wangemweka dakika moja moja kila filamu, deni lisingekuwepo.

KalamuYaPazia:
Kweli, na huenda gharama ilichangia. Ila kumbuka pia filamu ya nne ilitoka Novemba 2005, na kitabu cha saba kikatoka Julai 2007. Waliokata walikuwa wanakata hadithi ambayo mwisho wake haujachapishwa. Ukikata jengo ambalo ghorofa ya juu haijajengwa, hujui nguzo ipi itakuja kubeba nini.

Msomaji254:
Hilo linanileta kwa mfano ambao naamini unajibu swali la pili la Binti vizuri zaidi: Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu. Watu walewale, timu ileile ya waandishi, waliunganisha wahusika mara mbili. Mara ya kwanza wengi tukapokea. Mara ya pili watu wakasusa kutazama.

Ya kwanza ni Gendry, msimu wa tatu, 2013. Kitabuni, kwenye kisiwa cha Stannis, anayegombea ufalme, kuna mvulana anaitwa Edric Storm, mwana wa nje wa Mfalme Robert. Melisandre, kuhani wa Stannis, anataka damu ya kifalme kwa uchawi wake, na Edric ndiye anayo. Davos, mshauri wa Stannis, anamwonea huruma mtoto, anamtorosha kwa meli. Kwenye tamthilia Edric hayupo. Walimchukua Gendry, yule fundi wa chuma aliyekuwa anasafiri na Arya Stark; fundi huyo naye ni mwana wa nje wa Robert, wakampeleka kwa Melisandre, na Davos akamtorosha kwa mtumbwi.

Angalia kilichobaki. Damu ni ileile. Melisandre anataka kilekile kwa sababu ileile. Davos anavunja amri ya bwana wake kwa huruma ileile. Na mtazamaji hahitaji kutambulishwa kwa mtoto mgeni, Gendry tumemjua tangu msimu wa kwanza. Waliopoteza ni wale wapiganaji wa msituni, maana kwenye tamthilia wanamuuza Gendry kwa dhahabu, na kitabuni hao ni watu waliojiapiza kuwalinda wanyonge. Hapo niliumia kidogo. Halafu Gendry akapotea misimu mitatu mizima, watu wakawa wanataniana kwamba bado anapiga makasia. Aliporudi 2017, Davos mwenyewe akamwambia alidhani bado anapiga makasia. Ukiona mashabiki wanatania kosa kwa upendo namna hiyo, ujue wameshasamehe.

Ya pili ni Sansa Stark, dada wa Arya, msimu wa tano, 2015. Kitabuni kuna msichana anaitwa Jeyne Poole, binti wa msimamizi wa nyumba ya akina Stark, rafiki wa Sansa tangu utotoni. Baada ya baba zao kuuawa, Littlefinger, yule mpanga njama wa ikulu, anamchukua, kisha anapelekwa kaskazini aolewe na Ramsay Bolton kwa jina la uongo: inasemwa yeye ni Arya Stark. Akina Bolton wanahitaji jina la Stark ili watu wa kaskazini wawatii. Na anayemkabidhi bibi harusi mbele ya ule mti mtakatifu ni Theon, kwa sababu Theon alikulia katika nyumba ile, na akisema huyu ni Arya, nani atabisha? Theon anamtazama usoni na anajua. Macho ya Arya ni ya kijivu. Ya msichana huyu ni ya kahawia. Anajua, anaogopa, anasema uongo.

Kwenye tamthilia wakaondoa Jeyne, wakamweka Sansa mwenyewe. Ukihesabu kwa ule utaratibu wa daftari la Kalamu, kazi ya "msichana anayeolewa na Ramsay na kuokolewa na Theon" imejazwa. Lakini fuatilia sababu za watu. Littlefinger kitabuni anamficha Sansa milimani, anampa jina jipya, anamwita binti yake, ndiye hazina yake kuu. Kwenye tamthilia anamchukua hazina huyo na kumwacha mikononi mwa mtu ambaye hakujisumbua kumchunguza, yeye ambaye sifa yake yote ni kujua siri za kila mtu. Akina Bolton wamewekwa pale na akina Lannister, na Sansa anatafutwa na Cersei, malkia wa akina Lannister, kwa kifo cha mwanawe Joffrey. Wanamwoa wa nini? Na Sansa mwenyewe, ambaye msimu uliopita alionekana ameanza kujifunza kucheza mchezo, anakubali kuolewa na nyumba iliyomuua kaka yake. Na ule uongo wa Theon, macho ya kahawia, umefutika kabisa, maana hakuna uongo tena. Sansa ni Sansa.

Ndiyo tofauti kwangu. Kwa Gendry walibadilisha jina la anayefanyiwa. Kwa Sansa ilibidi watu watatu waache kuwa wao ili tukio litokee.

Nyota_ya_Pwani:
Kaka Msomaji, naheshimu ulivyopanga, lakini mimi sikubali yote. Sijasoma vitabu, nilitazama tu, na tuko wengi.

Jeyne Poole kwangu ni nani? Angeletwa msimu wa tano, sura ngeni, ningemwonea huruma kama ninavyomwonea mtu yeyote kwenye habari. Watayarishaji walieleza hadharani kwamba walitaka mtu ambaye watazamaji tayari wanamjali. Walilipata hilo. Theon aliporuka ukutani na Sansa mkononi, nilisimama. Huyu ni mtu aliyeisaliti familia ile, sasa anamwokoa dada yao wa damu. Angemwokoa binti wa msimamizi, je, uzito ungekuwa uleule?

Kilichonikera mimi ni kingine. Ule usiku wa harusi kamera ilimwacha Sansa ikabaki kwenye uso wa Theon, kana kwamba maumivu ni yake. Hapo sidhani kosa ni kuunganisha. Kosa ni namna walivyoonyesha.

Msomaji254:
Nyota, hoja ya Theon nakupa, ina nguvu kuliko nilivyokuwa nataka kukiri. Na ule uso wa Theon umeletwa kutoka kitabuni, kwa sababu kule sura nzima inasimuliwa kupitia macho yake. Walihamisha mtazamo bila kujiuliza kwamba sasa anayeumizwa ni mtu ambaye ana sura zake mwenyewe kitabuni. Littlefinger sijakusamehe naye, lakini.

Nyota_ya_Pwani:
Littlefinger mchukue, sina wa kumtetea.

Mwl_Uluguru:
Wakuu, nami nina langu, na linanikosesha usingizi. Nafundisha shule ya sekondari mkoani Morogoro na ninasimamia kikundi cha maigizo. Mwaka huu tumegeuza hadithi moja aliyotusimulia bibi mmoja wa kijijini, tukaiandika na wanafunzi, kisha tukaifupisha iwe igizo la dakika 40. Kulikuwa na wazee wengi sana wa kiume, na nina wavulana wanne tu wanaokubali kupanda jukwaani. Baba mdogo wa binti alikuwa na kazi ya kupokea wageni wa posa. Mjomba wa binti alikuwa na kazi ya kuikataa. Nikaona wote wawili ni wazee wanaokaa kikao kimoja, nikawaunganisha, akabaki baba mdogo anayepokea na kukataa.

Tulipoonyesha kijijini, lilipofika tukio la kukataa, mzee mmoja mbele akasema kwa sauti, "Kwa haki ipi?" Na wenzake wakaitikia. Wanafunzi wakapoteza mistari. Walikuwa sahihi wazee wale. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba mdogo akikataa posa ile, anakuwa mtu mwingine kabisa, mvamizi. Na hadithi yetu nzima ilikuwa inahusu mjomba aliyetumia vibaya haki yake halali.

Kipanga_Mweusi:
Mwalimu, hapo hata mimi wa hela nimeelewa. Waigizaji uliokoa, hadithi ikafa.

Binti_Kigamboni:
Hii inanifanya nijiulize kuhusu Arwen, aliyepewa kazi ya Glorfindel kwenye filamu. Baba yangu ni msomaji wa Lord of the Rings wa tangu ujana wake, na mpaka leo anasema "kulikuwa na Glorfindel" kila ile filamu ya 2001 ikionyeshwa. Mbona wengine wote wanaonekana wamesamehe?

Msomaji254:
Kwa sababu Arwen alihitaji kuwepo. Kitabuni ni mke mtarajiwa wa Aragorn lakini haongei karibu kabisa, mapenzi yao yamewekwa kwenye viambatisho mwishoni. Filamu haina viambatisho. Glorfindel anatokea, anampandisha Frodo, mhusika mkuu aliyejeruhiwa, kwenye farasi wake, kisha hadithi haimhitaji tena kwa kiwango kile. Kazi yake ikampa Arwen njia ya kuingia, na kumwokoa rafiki wa Aragorn hakupingani na lolote tunalojua juu yake.

Ila baba yako ana haki moja. Kitabuni Frodo anavuka mto peke yake juu ya farasi, anageuka, mgonjwa, na anawakatalia wale wapanda farasi weusi kwa kinywa chake. Kwenye filamu Arwen yuko naye, na anayewapa changamoto ni Arwen, hata mto anauita yeye. Aliyepunguziwa hapo ni Frodo, zaidi ya Glorfindel. Mpe pole zangu mzee.

Na walipozidisha walijirudi. Walimpiga picha Arwen akipigana vita vya Helm's Deep, kisha wakaona siyo yeye, wakaziondoa.

Mwl_Uluguru:
Naomba ushauri basi. Tunaonyesha tena mwezi ujao kijiji jirani. Mvulana wa tano sina. Nifanyeje na mjomba?

KalamuYaPazia:
Mwalimu, usimrudishe kama alivyokuwa, huna mtu. Gawa kazi upya. Baba mdogo apokee wageni, ni haki yake. Kigoda cha mjomba kiwekwe pale mbele, kitupu, tangu tukio la kwanza. Wageni wakiuliza jibu, baba mdogo akitazame kigoda na kusema mwenye kauli hajafika. Kisha jibu la kukataa liletwe na mtu aliyetumwa na mjomba. Una wasichana wangapi?

Mwl_Uluguru:
Kumi na mmoja.

KalamuYaPazia:
Basi mama wa binti ndiye aende kwa kaka yake na arudi na neno. Atasimama kando ya kile kigoda, hatakikalia, na atalisema neno la kaka yake mbele ya binti yake mwenyewe. Jaribuni hivyo na wazee wawili watatu kabla ya siku yenyewe, uwaulize kama mama anaruhusiwa kulibeba neno hilo. Hilo silijui mimi, wanalijua wao.

Mwl_Uluguru:
Yule mzee aliyeuliza "kwa haki ipi" anakaa nyuma ya shule. Nakwenda kwake kesho jioni.